Chai, kamba na fiksi: walijuaje kwamba siku ile jamaa hakuwa anatania?

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni Mkenya, kwetu Nakuru, huu ni mwezi wa saba niko Dar kikazi. Ofisini tuna jamaa ambaye kila mchana tukila anatoa stori, watu wanacheka na kumwambia "hiyo chai". Siku moja akasema ana kiwanja Kibada anakiuza. Mimi kwa kujifanya nimeshazoea nikapiga kelele "chai!", lakini hakuna aliyecheka. Mwenzetu mmoja akampa laki tano ya kushikia. Sasa mwezi wa pili anazungushwa, na wale wengine wanasema walijua tangu siku ile kwamba "anamfunga kamba". Walijuaje? Chai, kamba, fiksi, si ni uongo wote?*

Marahaba, dada yangu. Ukifungua kamusi ni uongo wote. Ila watu wa mezani kwenu hawakuongozwa na kamusi, na kabla hatujafika kwenye kiwanja nataka usikilize jinsi maneno haya yanavyokaa ndani ya sentensi. Sarufi yenyewe inataja nani anaumia.

Anza na chumvi, maana hiyo hata Nakuru mnayo. Tunasema "ametia chumvi", na kilichotiwa chumvi ni stori. Hujapata kusikia mtu akilalamika kwamba yeye ametiwa chumvi. Chuku ni hivyo hivyo: "amepiga chuku", basi. Neno hilo lina maana ya zamani inayonifurahisha kila nikilifundisha. Chuku ni ile pembe ya kuumikia. Mwumikaji anaibandika juu ya ngozi, anavuta hewa kwa mdomo, na nyama inavimba chini yake. Nyama ni ileile, haijaongezwa hata chembe, ila imeinuka. Ndicho anachofanya mpiga chuku kwa jambo lililotokea kweli. Samaki alikuwepo, na sasa amekuwa mkubwa kuliko alivyokuwa jana.

Kundi la pili ni la majivuno, na humo utaona "-ji-" imejaa tele: kujigamba, kujitapa, kujidai, kujishaua, na hili la mitaani la miaka ya karibuni, kujimwambafai. Anayetenda na anayetendwa ni mtu mmoja. Akijimwambafai anajifanyia mwenyewe, wewe ni mtazamaji tu, ukichoka unaondoka. "Kuvimba" haina hata hiyo "-ji-": "siku hizi anavimba", kama chapati juu ya kikaango. Watu wanaweza kumchukia anayevimba, wakamwita mtu wa misifa, lakini hawatamwita mwizi.

Sasa njoo kwenye kamba na fiksi. "Amenifunga kamba." "Kampiga fiksi." Hapo mtendwa ni mtu wa pili, tena ni mtu mwenye jina. Kamba imemzunguka yeye, fiksi imempiga yeye. Mambo yakiharibika kabisa kauli inageuka kuwa ya kutendwa: nimepigwa, nimeingizwa mjini, nimeingizwa mkenge, nimeliwa hela. Kwenu pia mnasema "nimechezwa". Ukisikia kauli ya kutendwa ujue hatupo tena kwenye stori, kuna kitu kimetoka mfukoni mwa mtu, au moyoni.

Na chai? Chai inamtaja msikilizaji, lakini inamkaribisha. "Leo umetunywesha chai." Tumeketi, tumemiminiwa, tumekunywa, na tunajua tulichokunywa. Ndiyo maana watu hujibu kwa lugha ya mezani: chai haina sukari, leta na maandazi, hii ya leo ni ya moto. Anayejibu hivyo ameshaitambua chai na anamruhusu mpishi aendelee. Mkenya mwenzako anayesema "hizo ni stori za jaba" anafanya jambo lilelile. Mla miraa akishakolea hupata maneno mengi kuliko matukio, na anayemsikiliza anajua majani yako shavuni.

Lakini usiyashike maneno haya kama sheria ya barabarani. "Acha fiksi bwana!" marafiki wanaambiana kila siku na hakuna aliyepigwa. Neno likitupwa na mtu anayecheka, huku anamsukuma mwenzake begani, limepoteza makali. Neno hilohilo likisemwa polepole, kwa mtu wa tatu, muhusika akiwa hayupo ("yule ana fiksi sana"), ni onyo. Mezani kwenu, kama nilivyokuelewa, kicheko kilikatika siku ile, na neno "kamba" likaja baadaye, pembeni. Angalia pia kwamba hawakusema "anatufunga kamba". Walisema "anamfunga". Walishamjua mwenye shingo.

Tuje sasa kwenye kiwanja. Hukuniandikia stori zake za kila siku, lakini nimekaa vijiwe vya kutosha kuweza kuzikisia. Tuseme Jumatatu alisema hivi: "Jumapili nilikuwa Kigamboni, nikavua samaki mkubwa mpaka kwenye kivuko wakamkatia tiketi." Alhamisi akasema: "Nina kiwanja changu Kibada, ishirini kwa ishirini. Kuna mtu alifika milioni nane. Kwa sababu nina shida ya haraka, nitamwachia yeyote hapa kwa sita."

Sikia lile "mpaka" la Jumatatu. Kwa Kiswahili hilo ndilo bango la chuku. Jua lilikuwa kali mpaka, foleni ya Mbagala ilikuwa ndefu mpaka konda akaota ndevu, na kwenye mchongoano wa kwenu, nyumba yenu ni ndogo mpaka ukitaka kugeuza chapati unatoka nje. Likishatamkwa, msikilizaji anajiandaa kupokea kisichowezekana. Mtia chumvi anataka umwone akitia. Anakwenda makusudi mbali kuliko akili inavyoweza kumfuata, kwa sababu akiishia karibu utamwamini, na ukimwamini stori imemharibikia. Tiketi ya samaki ni lazima iwe haiwezekani.

Alhamisi hakuna "mpaka". Kila kitu kimekatwa kwa kipimo cha kuaminika. Ishirini kwa ishirini ndicho kipimo ambacho kila anayetafuta kiwanja Dar ameshakisikia kwa madalali. Milioni sita si bei ya kuchekesha, ni bei ya kumfanya mtu apige hesabu kimya kimya. Angetaka kuwanywesha chai angesema ana heka arobaini zenye kisima cha mafuta. Mwongo wa kweli huficha chumvi, anapika chakula kikose ladha yoyote ya kushangaza. Hilo ndilo jambo la kwanza wenzako walilisikia, hata kama hakuna ambaye angeweza kulieleza: yule mtu wa makuu kila siku, leo ghafla amekuwa mtu wa kadiri.

La pili ni kwamba stori ya samaki haikuwaomba kitu. Mlicheka, mkanawa mikono, mkarudi kazini, na kama ni uongo hakuna ambaye siku yake ilibadilika. Stori ya kiwanja ina mlango mwishoni, na kwenye mlango kuna mtu amekaa anapokea hela. Tena ina saa ukutani: shida ya haraka, mtu mwingine anakitaka, kwa bei hii ni leo. Mimi nikisikiliza mtu, swali ninalojiuliza ni moja tu: nikiliamini hili, nitafanya nini ambacho nisingefanya? Kama jibu ni "nitacheka", hata akidanganya tangu neno la kwanza hadi la mwisho, ni chai. Jibu likiwa "nitatoa", "nitasaini" au "nitamkubalia", naacha maandazi mezani.

La tatu ni namna anavyopokea maswali. Mwulize mpiga chai, "Tiketi ya samaki ilikuwa shilingi ngapi?" Atafurahi. Atakwambia walimkatia ya mtu mzima, maana alikataa kukaa na mizigo. Swali limempa kuni. Sasa mwulize mwenye kiwanja: kitalu gani, namba ngapi, jirani upande wa barabara ni nani, hati ina jina la nani. Mwenye kiwanja halisi atajibu bila raha wala shida, au atasema sikumbuki, karatasi ziko nyumbani, kesho nakuletea, na kesho ataleta. Anayefunga kamba mara nyingi hufupisha, akarukia jambo jingine, au akaanza kununa: "Kwani huniamini? Tumekula pamoja mwaka mzima!" Kununa huko kuna kazi yake. Kunageuza swali la kiwanja liwe swali la urafiki, na mwenzenu mwenye haya akaona ni bora atoe laki tano kuliko aonekane hamwamini rafiki. Waliosema njia ya mwongo ni fupi walikuwa wanatoa maelekezo ya kutembea: mfuate kwa maswali matatu tu, uone kama njia bado ipo.

Nikuonye kuhusu macho, kwa sababu najua kuna mtu ameshakwambia "aliongea bila kunitazama". Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Bond na DePaulo, walikusanya matokeo ya majaribio mengi ambamo watu walitakiwa kubahatisha nani anadanganya na nani anasema kweli. Kwa wastani walipatia mara 54 katika 100. Ungerusha shilingi ungepata 50. Mwaka huohuo ulitoka utafiti mwingine uliouliza watu wa nchi zaidi ya 50 wanamtambuaje mwongo, na jibu lililoongoza lilikuwa hilohilo la kukwepesha macho. Yaani alama tunayoiamini kuliko zote haitusaidii. Huku kwetu inapotosha zaidi, maana kijana aliyelelewa vizuri huinamisha macho mbele ya mkubwa wake, wakati tapeli mzoefu atakukazia macho mpaka uone aibu wewe. Na viapo? "Haki ya Mungu tena" inaapwa juu ya samaki na juu ya kiwanja kwa sauti ileile. Achana navyo.

Wenzako basi hawakuwa na kipaji cha kusoma nyuso. Walikuwa na mwaka mzima wa kumsikiliza mtu mmoja, na wewe ulikuwa na miezi michache. Tofauti ndiyo hiyo, hakuna siri nyingine.

Kuna aina moja ya makuu ambayo utakutana nayo Dar na ningependa usiichanganye na haya, nayo ni tambo. Simba na Yanga tunawaita watani wa jadi, na utani ni ruhusa. Wiki ya mechi mtu mzima mwenye wajukuu atakwambia Jumamosi tunawapiga saba, tena golikipa wao aje na kiti. Hakuna anayemdai Jumapili. Kila klabu ina msemaji, na sehemu ya kazi yake ni hiyo ya kutamba mbele ya vipaza sauti, na mashabiki wa upande wa pili wanasubiri wamsikie ili wapate cha kumrudishia. Lakini msemaji huyohuyo akitangaza kwamba mchezaji fulani ameshasaini, halafu ikawa si kweli, watu wake mwenyewe watamvaa. Mdomo mmoja na maikrofoni moja, ila "tutashinda saba" ni tambo na "amesaini" ni taarifa, na shabiki wa Kariakoo anayeuza vitunguu anajua mpaka uko wapi bila kufundishwa.

Tambo nyingine huwa ni kweli tupu, na hapo mgeni hujikwaa. Shabiki wa Yanga akikuinulia vidole vitano usoni usimwambie "chai". Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga waliifunga Simba 5-1. Na wa Simba akijibu kwa vitano vyake pia hadanganyi, wao waliwafunga Yanga 5-0 mwezi Mei 2012, na wazee wao wanayo 6-0 ya mwaka 1977 ambayo hawataiacha mpaka kaburini. Majivuno na uongo ni vitu viwili. Mtu anaweza kuvimba kwa jambo la kweli kabisa, na mwingine akadanganya kwa unyenyekevu mkubwa. Nasema hivi kwa uchungu kidogo, maana mimi ni Mhaya, na Tanzania nzima imeshaamua kwamba sisi ni watu wa misifa. Nikisema tu nimesoma, naitwa nshomile. Kwetu kujigamba ni sanaa yenye mapigo yake, harusini mwanamume huinuka na kujisifu mbele ya watu, na vitabu vya fasihi simulizi vina jina la sanaa hiyo: majigambo, au vivugo. Anayejigamba pale anasikilizwa na ukoo mzima unaomjua tangu utotoni. Akitia chumvi wanacheka, akizua wanamzomea.

Hilo la kusikilizwa na wanaokujua ndilo linalobadilika watu wanapohama meza. Stori ya samaki ikisemwa kwenu ofisini ni chai. Jamaa huyohuyo akimwambia binti aliyekutana naye jana kwamba yeye ndiye meneja wa tawi, huku akijua binti hana wa kumuuliza, hakuna chai hapo. Watu wa mjini wana neno la katikati, "kupiga saundi", yale maneno matamu ya kutongozea, na wasichana wengi huyasikiliza kama wimbo, wakifurahia sauti bila kusadiki maneno. Ila saundi nayo ina mpaka. "Wewe ni mzuri mpaka jua limeomba likizo" ni saundi. "Sina mke" ni taarifa.

Kwenye Watsapu hali ni mbaya zaidi. Sauti haipo, mkono begani haupo, kicheko kimebaki kuwa kikatuni. Stori iliyoanza kama chai kwenye kundi la watu kumi ikisambazwa mara tatu inafika kwa mtu asiyemjua mpishi, naye anaipokea kama habari. Ukiletewa kitu cha namna hiyo angalia neno "eti". Mswahili anayesimulia jambo asilolisadiki hulitanguliza: "eti ana kiwanja Kibada". Kwa "eti" hiyo amekwambia kwamba maneno si yake na dhamana haitoi. Nyumbani kwenu mnasema "ati". Wakati mwingine ni herufi hizo tatu tu zinazotenganisha mwongo na aliyemnukuu.

Sasa kosa lako la siku ile, kama ni kosa. Ulisema "chai!" na wengine wakanyamaza. Neno lako lilifungua mlango wa yeye kuchekea na kujiondoa: "Nawatania bwana." Mtu wa chai angeutumia mlango ule haraka. Yeye hakuutumia. Nadhani kilichowanyamazisha ni kwamba walimwona amepewa nafasi ya kutoka na akabaki ndani. Kwa hiyo bila kujua uliwafanyia kipimo. Walichokosea wao ni kumwachia mwenzao atoe hela halafu wakasubiri kusema walijua, na hilo ningewaambia usoni.

Tahadhari moja ya adabu, kwa kuwa unatoka mahali ambapo "wacha uwongo" huwa nyepesi. Huku "wewe mwongo" ni neno zito, na kwa mtu aliyekuzidi umri ni tusi. Kwa mkubwa sema "labda umesahau, baba" au "mimi nilisikia vingine". Kwa rika lako, mwambie "una chai wewe", atacheka.

Kuhusu laki tano, mwenzenu asiendelee kumwuliza "hela yangu lini?". Swali hilo linajibiwa "wiki ijayo" milele, ndiyo danadana anazopigwa sasa. Aombe namba ya kiwanja na kitalu, kwa maandishi, mbele ya mtu wa pili. Akipewa, aende ofisi ya ardhi kuomba upekuzi wa kumbukumbu, aone jina la nani limeandikwa pale. Akiambiwa kiwanja hakijapimwa, amwombe wafuatane Kibada hadi kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, siku hiyohiyo, kwa nauli ya mwenzenu mwenyewe. Kama jamaa ataanza kununa kabla hawajafika kivukoni, basi, awe na ushahidi wa muamala wa simu mkononi na aupeleke polisi.